Mbezi hadi Kariakoo: jedwali la nauli ambalo konda hakuambii

Muulize mtu wa Mbezi anayefanya kazi Kariakoo analipa nauli kiasi gani, atakujibu haraka: mia sita ya daladala hadi Kimara, mia saba na hamsini ya mwendokasi, basi. Zidisha kwa mbili, kwenda na kurudi, unapata 2,700 kwa siku. Kwa siku 26 za kazi inakuwa 70,200 kwa mwezi. Ni hesabu safi, na karibu kila anayeitoa mfuko wake unamkana ifikapo tarehe ishirini.

Inakosea kwa sababu imeanzia kituoni, na hakuna mtu anayelala kituoni. Jedwali la nauli lenye maana huanzia kwenye kitasa cha mlango wa nyumbani na kuishia pale unapoanza kazi. Katikati ya ncha hizo mbili ndipo pesa na dakika zinapopotelea.

Tuchukue mfano mmoja tuufanyie kazi mpaka mwisho. Kuna dada anauza vitenge katika duka la mtu Kariakoo, siku sita kwa wiki, na duka linafunguliwa saa 2 asubuhi. Amepanga chumba Mbezi ya ndani, kama kilomita mbili kutoka barabara ya Morogoro. Kutoka kwake hadi dukani ni kama kilomita 22. Boda ya kumtoa nyumbani hadi stendi ya Mbezi ni 1,000. Kwa daladala nimetumia viwango vya LATRA vilivyoanza Desemba 2023, ambapo safari ya mjini isiyozidi kilomita 10 ilipanda kutoka 500 hadi 600, na ya kilomita 11 hadi 15 kutoka 550 hadi 700. Mwendokasi nimeiweka 750. Bei za boda, mafuta na pango ni za kukadiria, na dakika pia ni za mfano. Kama gari lako linadai nauli nyingine, andika hiyo unayolipa, kwa sababu njia ya kupiga hesabu haibadiliki.

Kwanza asubuhi. Dada huyu ni mtu wa kubana matumizi, kwa hiyo anatembea dakika 25 hadi stendi. Anapanda daladala hadi Kimara kwa 600, anapanga foleni ya mwendokasi, anashuka Kariakoo na kutembea dakika kumi hadi dukani. Ametumia 1,350, sawasawa na ile hesabu safi.

Jioni mambo yanageuka. Duka linafungwa, anapanga foleni upya, na akifika Mbezi giza limeshaingia. Ile njia ya kilomita mbili aliyoipita asubuhi akisalimiana na majirani haipitiki kwa mwanamke mmoja mwenye mkoba. Anapanda boda. Kwa hiyo kurudi ni 2,350, na siku yake nzima ni 3,700. Mwezi wake si 70,200 tena. Ni 96,200.

Hilo ndilo kosa la kwanza katika majedwali mengi ya nauli: kuzidisha safari ya kwenda kwa mbili. Kwenda na kurudi ni safari mbili tofauti, zenye giza tofauti, foleni tofauti na uchovu tofauti, na kila moja inastahili mstari wake. Ukizijumlisha kabla hujaziandika peke yake, ile boda ya jioni inajificha kwenye matumizi madogomadogo pamoja na vocha na karanga, na hakuna anayeihesabu kama nauli. Kwa dada huyu, boda ya jioni peke yake ni 26,000 kwa mwezi.

Kuna vijito vingine vya namna hiyo. Anayekaa Temboni au Suka, kati ya Mbezi na Kimara, anajua kwamba asubuhi daladala zinazotoka Mbezi zinampita zikiwa zimejaa hadi mlangoni. Anachofanya ni kugeuza na gari: anapanda lile linalorudi Mbezi, analipa 600, anabaki kwenye kiti chake mpaka stendi, kisha analipa tena kwenda Kimara. Kiti kimempatia usingizi wa dakika ishirini, lakini kwa siku 26 kimemla 15,600. Katika ruti ndefu kuna lile la gari kukata ruti. Kibao kinasema linakwenda hadi mwisho wa njia, lakini katikati konda anapiga bati na kutangaza, "Mwisho hapa, gari linageuza!" Abiria mnashuka na kulipa nauli ya pili kwa safari ileile. Kukata ruti ni kosa chini ya leseni ya gari hilo, na namba za gari zinaweza kupelekwa LATRA, ila saa 1 usiku abiria wengi wanataka kufika nyumbani kwanza. Kama hilo linakupata mara mbili kwa wiki, liandike kwenye jedwali kama gharama ya kawaida ya njia hiyo, maana ndivyo lilivyo.

Sasa muda, ambao wengi wanauandika vibaya kuliko pesa. Kila mtu anataka kuandika wastani. Mfano, dada wetu ameamua kupanda boda asubuhi pia, na kwa siku kumi amerekodi dakika alizotumia kutoka mlangoni hadi dukani. Ukizipanga kuanzia ndogo unapata 84, 85, 86, 86, 87, 87, 102, 121, 147 na 190. Wastani wake ni kama dakika 108. Zitazame tena hizo namba: hakuna hata siku moja aliyotumia dakika 108. Siku nyingi alifika mapema zaidi ya hapo, na siku tatu alichelewa zaidi ya hapo. Akipanga kuondoka nyumbani kwa kutumia wastani, siku ya kawaida atafika kama dakika ishirini kabla duka halijafunguliwa, au atamkuta tajiri yuko mlangoni anaangalia saa.

Ndiyo maana mimi huweka namba mbili. Ya kwanza ni siku ya kawaida, ile inayokaa katikati ukizipanga, ambayo hapa ni 87. Ya pili ni siku mbaya. Katika siku kumi, naiacha ile mbaya kupita zote, kwa sababu ile ya dakika 190 ilikuwa na lori lililoanguka, na nachukua inayoifuata, yaani 147. Siku ya kawaida inamwambia anaweza kutoka nyumbani saa 12:33. Siku mbaya inamwambia atoke saa 11:33 alfajiri. Hiyo saa moja katikati ni gharama ya njia yake, hata kama haikatiwi tiketi. Njia isiyotabirika humwamsha mapema mtu wake hata siku ambayo barabara ni nyeupe.

Dakika hizo zinaliwa wapi? Kwenye mabasi ya mwendokasi, yaliyoanza kazi kati ya Kimara na katikati ya jiji mwaka 2016, safari yenyewe haina shida kubwa kwa sababu basi lina njia yake. Kinachopanda na kushuka ni kusubiri pale Kimara. Dakika kumi zinaweza kuwa arobaini bila sababu inayoonekana kwa aliye kwenye foleni. Basi linaweza kuja likiwa tupu likakupita bila kusimama, au likafunguka ukakuta nyomi tayari. Kwa hiyo unapopima, andika saa nne: ya kufunga mlango, ya kufika kituoni, ya kuingia ndani ya basi na ya kufika kazini. Ukiandika saa ya kupanda na ya kushuka tu, utapata jedwali linalosifu mwendokasi kwa dakika zake arobaini na kulificha lile foleni.

Halafu kuna masika. Mto Msimbazi ukijaa, barabara hukatika pale Jangwani, na mwendokasi husitisha safari za kuvuka kati ya Magomeni na Fire. Unashushwa ng'ambo ya pili na kutafuta njia ya kuzunguka, kwa daladala ya pili au boda inayokutajia bei kwa kukutazama usoni. Jedwali lililopimwa Agosti halijui hayo. Aliyepima kiangazi aongeze mstari wa Machi hadi Mei na kuutengea pesa yake.

Baada ya hayo, jedwali la dada wetu linaonekana hivi. Dakika ni za asubuhi tu, mlango hadi mlango.

| Njia | Kwa siku (Sh) | Kwa mwezi, siku 26 (Sh) | Siku ya kawaida (dak.) | Siku mbaya (dak.) | Pesa ya kuanzia (Sh) |
|---|---|---|---|---|---|
| 1. Mguu asubuhi, boda jioni. Daladala na mwendokasi | 3,700 | 96,200 | 105 | 165 | 3,700 |
| 2. Boda hadi Mbezi asubuhi na jioni. Daladala na mwendokasi | 4,700 | 122,200 | 87 | 147 | 4,700 |
| 3. Boda hadi Kimara asubuhi (3,000), kisha mwendokasi. Jioni kama ya 2 | 6,100 | 158,600 | 80 | 125 | 6,100 |
| 4. Boda moja kwa moja, 7,000 kila upande | 14,000 | 364,000 | 45 | 60 | 14,000 |
| 5. Pikipiki yake mwenyewe | kama 6,400 | 165,800 | 45 | 60 | 3,000,000 |

Ukilisoma kwa kushuka safu ya mwezi peke yake, utachagua mstari wa kwanza na kufunga daftari. Lisome kwa jozi. Kutoka mstari wa 1 kwenda wa 2 anaongeza 26,000 kwa mwezi, na anaokoa dakika 18 kila asubuhi. Mara 26 ni dakika 468, karibu saa nane. Maana yake kila saa anainunua kwa kama 3,300. Je, saa moja ya usingizi wa alfajiri, au ya kumwandalia mtoto uji, ina thamani hiyo kwake? Mimi siwezi kumjibia, lakini sasa angalau anajua bei.

Kutoka mstari wa 2 kwenda wa 3 ndiko watu wanakopotezea pesa. Anaongeza 36,400 kwa mwezi. Siku ya kawaida anaokoa dakika saba tu, kwa kuwa boda inamvusha kipande cha Mbezi hadi Kimara na kumwacha kwenye foleni ileile. Dakika saba mara 26 ni saa tatu, na kila saa imemgharimu kama 12,000. Siku mbaya ni habari nyingine. Barabara ikisimama pale Mbezi, boda inamwokolea dakika 22, na saa inashuka hadi kama 3,800. Kwa hiyo mstari wa 3 haufai kuwa njia ya kila siku. Unafaa kuwa wa akiba. Akiutumia siku tano tu kwa mwezi, zile ambazo akifika stendi anakuta magari hayatembei, anaongeza 7,000 juu ya mstari wa 2, jumla 129,200. Wengi hufanya kinyume: wanaanza kuutumia siku moja ya dharura, boda anawazoea, anawasubiri mlangoni, na baada ya miezi miwili ni mteja wa kudumu.

Mstari wa 4 nauacha hapo ulipo. Ni wa siku ya kikao, au ya mgonjwa.

Mstari wa 5 ndio unaobishaniwa vijiweni, na ndio unaopigiwa hesabu mbovu kuliko yote. Mwenye pikipiki atakwambia hivi: kilomita 44 kwa siku, pikipiki ya cc 125 inakwenda kama kilomita 40 kwa lita, kwa hiyo ni lita moja na kidogo. Petroli tuiweke 3,000 kwa lita. Ni 3,300 kwa siku, yaani 85,800 kwa mwezi. "Bei rahisi kuliko anayetembea kwa mguu!" atasema, na kwenye mafuta yuko sahihi. Lakini pikipiki haiishi kwa mafuta tu. Oili, tairi, cheni, breki na bima tuvipe 30,000 kwa mwezi. Kisha kuna pikipiki yenyewe. Ameinunua 3,000,000, na baada ya miaka mitatu ya kwenda na kurudi Kariakoo labda ataiuza 1,200,000. Zile 1,800,000 zilizoyeyuka, ukizigawa kwa miezi 36, ni 50,000 kila mwezi. Jumlisha vyote: 165,800. Ni karibu mara mbili ya ile namba ya kijiweni.

Hata hivyo, ukiilinganisha na mstari wa 2, pikipiki inaongeza 43,600 tu kwa mwezi na kumpa dakika 42 kila asubuhi. Jioni, ikiwa foleni ni ileile, anapata nyingine 42. Kwa mwezi ni saa 36 na zaidi, na kila saa inamgharimu kama 1,200. Kwa pesa peke yake, huo ndio muda wa bei nafuu kupita wote katika jedwali zima. Vinavyobaki nje ya safu ni mvua na ajali. Sina namna ya kuweka mguu uliovunjika kwenye safu ya kwa mwezi, na anayedai anayo anakudanganya. Andika pembeni kwa kalamu nyekundu, kisha uamue ukiwa umeuona.

Gari dogo ni la kupita haraka. Kwenye foleni ya barabara ya Morogoro litakunywa lita moja kwa kilomita kama kumi na moja, ambazo ni lita nne kwa siku, 12,000, yaani 312,000 kwa mwezi kabla ya maegesho, fundi na bima. Na linakaa kwenye foleni ileile ya daladala, kwa kuwa njia ya mwendokasi haliruhusiwi.

Lipo jambo moja ambalo mstari wowote wa usafiri hauwezi kulionyesha, nalo ni kuhama. Tuseme chumba chake cha Mbezi ni 60,000 kwa mwezi na kingine cha namna hiyo Magomeni ni 120,000. Wengi husikia bei ya Magomeni na kugeuka. Lakini akikaa Magomeni, karibu na kituo, nauli yake ni 750 kwenda na 750 kurudi, bila boda. Kwa siku 26 ni 39,000. Ukitoa hiyo kwenye 122,200 za mstari wa 2, ameokoa 83,200. Lipa nyongeza ya pango ya 60,000, na bado zinabaki 23,200 mkononi. Muda wake wa asubuhi unashuka hadi kama dakika 40, akikubali kwamba basi litafika Magomeni likiwa limejaa na atalazimika kusimama. Kwa siku anarudishiwa zaidi ya saa moja na nusu.

Kwenye karatasi, basi, dada huyu anapoteza pesa kwa kukaa mbali, na anapoteza muda kwa kutonunua pikipiki. Mtu wa hesabu angeshangaa kwa nini bado yuko Mbezi. Ila tazama ile safu ya mwisho, ambayo majedwali mengi hayana. Ili aingie Magomeni, mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita kwa mpigo, 720,000. Ili apate pikipiki, anahitaji milioni tatu, au mkopo ambao riba yake itabidi iandikwe kwenye mstari wa 5 na kuupandisha. Ili aendelee na mstari wa 2, anahitaji 4,700 leo, na kesho 4,700 nyingine, ambazo kesho hiyohiyo atazipata dukani. Njia ghali inauzwa rejareja na njia rahisi inauzwa jumla, na mshahara wake unaingia kwa rejareja.

Hapo jedwali linageuka kuwa la kupanga miezi ijayo. Tofauti kati ya mstari wa 2 na wa 1 ni 26,000. Akirudi kutembea asubuhi na kuiweka hiyo kwenye kibubu au kikoba, atahitaji miezi 28 kufikisha 720,000, muda mrefu mno kumwambia mtu bila aibu. Akipokea mchezo wa wafanyakazi wa pale sokoni, wanaochanga 60,000 kila mwezi wakiwa kumi na wawili, zamu yake ikifika anapata 720,000 kamili. Kinachobaki ni kuangalia kama bajeti yake, akiwa kwenye mstari wa 1, inahimili kuchanga hiyo 60,000, na kuomba namba ya karibu katika mzunguko. Akipewa namba ya tatu, atahama mwezi wa tatu, na 83,200 anazookoa kwenye nauli zinagawanyika: 60,000 zinaendelea kwenda kwenye mchezo kwa miezi tisa iliyobaki, na 23,200 ni zake. Pango la nusu mwaka linalofuata nalo linataka kutafutwa, na humo ndani ya hiyo miezi tisa ndimo mpango utakapombana: mwezi wa tisa mwenye nyumba atagonga tena mlango na mchezo ukiwa haujaisha. Kabla ya kusaini, amuulize kama atapokea kodi ya miezi mitatu mitatu. Baadhi yao hukubali, hasa chumba kikiwa kimekaa tupu tangu mwezi uliopita.